Baiti ya nne: kwa nini MySQL ilimeza maneno ya watu wa Mgogoni

Hebu soma ujumbe huu kwanza:

"Nimeshalipa 🙏 elfu 15 tu, zilizobaki nitaleta Ijumaa inshallah."

Sasa soma huu:

"Nimeshalipa "

Wa kwanza ndio aliouandika mwanachama mmoja wa kikundi cha hisa cha Mgogoni, kule Pemba. Wa pili ndio uliohifadhiwa. Mwezi ule alitakiwa kuleta elfu 40. Mweka hazina aliufungua, akaona "Nimeshalipa", akatia alama kwamba deni limekwisha. Ijumaa yule bibi akaja na elfu 25 zake mkononi, akaambiwa hadaiwi. Akashangaa. Hesabu ya mwisho wa mwezi ilipopungua elfu 25 nyingine za mtu mwengine, watu wakaanza kutazamana. Nani anasema kweli, na nani anasingizia mashine?

Programu ile ya kikundi niliitengeneza mimi, wakati wa likizo. Shangazi yangu, ambaye ni katibu wao, alinipigia simu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha bila kuzunguka akasema: "Mwanangu, mashine yako inakula maneno ya watu."

Nilibisha. Nikamwambia kompyuta haili maneno, labda yule bibi hakumaliza kuandika. Lakini bibi alikuwa na mazoea mazuri kuliko yangu: kila akituma kitu kinachohusu pesa, hukipiga picha kwenye skrini kwanza. Picha ikaletwa. Maneno yote yalikuwemo, pamoja na ile mikono miwili iliyofumbatana.

Kwa hiyo mashine ilikuwa imekula kweli. Na ukifuatilia kwa nini, unarudi nyuma zaidi ya miaka 20, mpaka kwenye uamuzi mmoja mdogo uliofanywa mwaka 2002.

Herufi ni namba, namba ni baiti

Kompyuta haijui herufi, inajua namba. Unicode ni orodha kubwa inayoipa kila alama ya maandishi ya dunia namba yake. Herufi "a" ni 97. Moyo mwekundu ❤ ni 10,084. Mikono ya 🙏 ni 128,591, na watu wa kompyuta huiandika U+1F64F.

Kuwa na namba hakutoshi. Lazima namba ziandikwe kwa baiti, na baiti moja ina nafasi ya thamani 256 tu. Septemba 1992, Ken Thompson na Rob Pike wa Bell Labs walikuwa wakila chakula cha jioni kwenye mkahawa huko New Jersey, Marekani. Thompson akachora njia ya kuandika namba hizo juu ya karatasi ya kutandika chini ya sahani. Ndani ya siku chache ilikuwa inafanya kazi kwenye mfumo wao wa Plan 9. Njia hiyo ndiyo UTF-8, na ukurasa huu unaousoma umeandikwa kwayo.

Uzuri wake ni kwamba kila alama hutumia baiti kwa kadiri ya ukubwa wa namba yake. Herufi za Kilatini, zile tunazoandikia Kiswahili leo, hutumia baiti 1 kila moja. Herufi za Kiarabu, ambazo wazee wetu wa Pemba waliandikia Kiswahili hichohicho, hutumia 2. Alama nyingi za Kihindi, Kichina na Kijapani hutumia 3. Baiti ya kwanza ya kila alama humwambia msomaji ni baiti ngapi zinafuata, kwa hiyo hapotei njiani.

Baiti 3 za UTF-8 zinabeba biti 16 za namba yenyewe, yaani namba kutoka 0 hadi 65,535. Ukivuka hapo unahitaji baiti ya nne. Moyo ❤ ukiwa 10,084 unaenea kwenye 3. Mikono 🙏 ikiwa 128,591 haienei. Baiti zake ni nne: F0 9F 99 8F.

Shika tofauti hiyo ya moyo na mikono, maana ndiyo iliyonichelewesha kuujua ugonjwa.

Kutoka sita kwenda tatu

UTF-8 ya mwanzo iliruhusu alama moja ichukue hadi baiti 6. Waraka rasmi wa mwaka 1998, RFC 2279, ulikuwa bado unasema hivyo. Machi 2002, wahandisi wa MySQL waliokuwa wakitayarisha toleo la 4.1 waliingiza UTF-8 kwa mara ya kwanza, na walifuata waraka ule: hadi baiti 6.

Miezi sita baadaye, Septemba 2002, badiliko fupi liliingia kwenye programu hiyohiyo. Tangu hapo, kile MySQL ilichokiita `utf8` kikawa na mwisho wa baiti 3.

Kwa macho ya wakati ule unaweza kuona faida yake. Kuna aina ya safu inayoitwa `CHAR`, ambayo hutengewa nafasi kamili hata kama hukuijaza. Safu ya `CHAR(10)` kwa mpango wa baiti 6 ingetenga baiti 60, na kwa mpango wa baiti 3 inatenga 30. Na alama karibu zote ambazo mtu wa kawaida angeziandika mwaka 2002 zilikuwa chini ya 65,536.

Nimesema karibu zote. Machi 2001, mwaka mmoja na nusu kabla ya badiliko lile, toleo la 3.1 la Unicode lilikuwa tayari limevuka mpaka huo. Liliweka ng'ambo yake maandishi ya kale ya Kigothi, alama za muziki, na herufi za Kichina zisizotumika sana zaidi ya 42,000. Baiti ya nne ilikuwa na wenyewe tayari, ila walikuwa wachache na hawakuwa na kelele.

Halafu Novemba 2003 ukatoka waraka mpya, RFC 3629, uliomaliza ubishi: UTF-8 ni hadi baiti 4, si 6 wala si 3. MySQL 4.1 ilitangazwa kuwa tayari kwa matumizi ya kawaida Oktoba 2004. Yaani ilipowafikia watu, waraka ulikuwa na takriban mwaka mzima ukisema 4, na ndani ya programu mlikuwa na 3 chini ya jina lilelile la `utf8`.

Jina ndilo lililoleta balaa. Kama wangekiita kitu chao `utf8ndogo`, mtu angeuliza ndogo kwa nini. Lakini mtu akisoma kila mahali kwamba atumie UTF-8, akafungua MySQL akakuta `utf8`, anaona amefika. Nami nilifanya hivyohivyo.

Kwa nini Kiswahili hakikulalamika

Miaka ile ndiyo ilikuwa miaka ya kujenga mifumo mingi katika Afrika Mashariki. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 kwa ajili ya kliniki za Eldoret, Kenya, uliegemea MySQL. Ushahidi, uliozaliwa Nairobi mwanzoni mwa 2008 kukusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi, nao uliandikwa kwa PHP na MySQL. Kama uliwahi kujifunza kutengeneza tovuti hapa kwetu, huenda nawe ulianza na hizohizo mbili.

Sasa jiulize: Mswahili angegunduaje kwamba baiti ya nne haipo? Sentensi nzima ya Kiswahili ni baiti moja kwa kila herufi. Simu ikikugeuzia alama ya ng'ombe kuwa ile iliyopinda, hiyo ni baiti 3, inaenea. Ukiandika Bismillahi kwa Kiarabu, ni baiti mbilimbili. Unaweza kuendesha hifadhidata ya shule nzima ya Pemba miaka kumi usione kasoro hata moja. Tundu lilikuwepo, lakini hapakuwa na kitu chetu cha kupita hapo.

Kitu hicho kililetwa na emoji. Zilianza Japani miaka ya 1990 mwishoni, kwenye simu za kampuni za huko, kila kampuni na zake. Oktoba 2010, toleo la 6.0 la Unicode lilizikubali kwa mamia na kuzipa namba, na sehemu kubwa yake iliwekwa ng'ambo ya 65,535. Mwaka uliofuata kibodi ya emoji ikawekwa wazi kwa watumiaji wa aifoni dunia nzima, na simu nyingine zikafuata. Wazungumzaji wa Kiswahili, ambao kwa miaka yote hawakuwa na haja ya baiti ya nne, sasa wanaitumia kila wakisema asante.

MySQL ililiona hilo likija. Mwaka 2010, katika toleo la 5.5.3, iliongeza seti mpya ya herufi yenye baiti 4 kamili, ikaiita `utf8mb4`. Ile ya zamani haikurekebishwa, kwa sababu mamilioni ya majedwali yalikuwa yamekwisha kujengwa juu ya vipimo vyake. Ikaachwa na jina lake la `utf8`, na baadaye ikapewa pia jina linalosema kweli, `utf8mb3`. Ilichukua mpaka Aprili 2018, katika toleo la 8.0, ndipo `utf8mb4` ikawa chaguo linalokuja lenyewe usipotaja kitu.

Inavyokata

Seva tuliyokodi kwa ajili ya kikundi ilikuwa na MySQL 5.5. Jedwali lilikuwa `utf8`, na muunganisho wa programu na seva nao ulikuwa `utf8`. Ujumbe ulipoingia, MySQL ilisoma N, i, m, e, ikaendelea vizuri mpaka kwenye baiti F0. Kwa hesabu yake hakuna alama inayoanza na F0. Ikachukulia kwamba maneno halali yameishia hapo, ikahifadhi yaliyotangulia, na kilichobaki ikakitupa chote. Siyo emoji peke yake, bali na kila neno lililoifuata.

Ilitoa onyo, lakini onyo ni kama mtu anayenong'ona kwenye harusi. Ukiliomba kwa mkono wako, `SHOW WARNINGS`, unaliona:

```
Incorrect string value: '\xF0\x9F\x99\x8F e...' for column 'maneno' at row 1
```

Unaziona zile baiti nne za 🙏, kisha nafasi, kisha "e" ya "elfu". Programu yangu haikuliomba onyo hilo hata siku moja. Ilimwambia bibi "Umepokelewa", basi.

Mimi nilipojaribu nyumbani nilituma ❤, ikafika salama. Nikajiridhisha kwamba emoji hazina neno. Moyo ule ni wa baiti 3, ulipita ndani ya mpaka. Ukipima mfumo wako, usipime kwa moyo. Pima kwa 🙏 au 😂, na weka maneno baada yake.

Na usidhani hili ni la vikundi vidogo tu. Aprili 2015 WordPress ilitoa toleo la 4.1.2 kuziba upenyo wa kiusalama uliotokana na ukataji huuhuu: mtu mbaya angeweza kutumia alama ya baiti 4 kukata maoni yake mahali anapotaka, na kuacha nusu ya maandishi yenye madhara kwenye ukurasa. Siku mbili baadaye toleo la 4.2 likaanza kuhamisha majedwali kwenda `utf8mb4`.

Tulivyorekebisha

Kabla ya kugusa chochote, chukua nakala ya akiba, na hakikisha inafunguka. Kisha tazama una nini:

```sql
SHOW CREATE TABLE ujumbe;
SHOW VARIABLES LIKE 'character_set%';
```

Amri ya kwanza inakuonyesha seti ya herufi ya jedwali na ya kila safu. Ya pili inakuonyesha muunganisho. Ziangalie zote, maana ni vitu viwili tofauti na kila kimoja kinaweza kukata.

Kugeuza jedwali ni mstari mmoja:

```sql
ALTER TABLE ujumbe
  CONVERT TO CHARACTER SET utf8mb4
  COLLATE utf8mb4_unicode_ci;
```

Jedwali la ujumbe liligeuka bila tabu. La wanachama likakataa:

```
ERROR 1071 (42000): Specified key was too long; max key length is 767 bytes
```

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, na sababu yake ni hesabu tu. Safu ya jina la mwanachama ilikuwa `VARCHAR(255)`, tena yenye faharasa ya `UNIQUE` ili jina lisiandikwe mara mbili. Katika matoleo kama lile letu, faharasa ya InnoDB haizidi baiti 767 kwa safu moja. Kwa baiti 3, 255 mara 3 ni 765, inaenea kwa baiti mbili tu. Kwa baiti 4, 255 mara 4 ni 1,020, haienei. Kikubwa kinachoenea ni 191, kwa sababu 191 mara 4 ni 764. Ndiyo maana ukifungua majedwali ya watu utakuta namba hii ya ajabu, 191, bila maelezo.

Kabla ya kupunguza safu, hakikisha hukati jina la mtu:

```sql
SELECT MAX(CHAR_LENGTH(jina)) FROM wanachama;
```

Jina letu refu lilikuwa na herufi 34. Tukashusha safu hadi `VARCHAR(191)`, na jedwali likageuka. Kwenye MySQL 5.7 na kuendelea huenda usikutane na kikwazo hiki, kwa sababu mpango wa kawaida wa mistari huko unaruhusu faharasa hadi baiti 3,072.

Nikajaribu tena 🙏. Bado haikufika! Nilikuwa nimegeuza jedwali, nikausahau muunganisho. Seva ilikuwa bado inaambiwa na programu kwamba maneno yanayokuja ni `utf8`, yaani ya baiti 3. Katika PHP, dawa yake iko kwenye mstari wa kuunganisha:

```php
new PDO('mysql:host=localhost;dbname=hisa;charset=utf8mb4', $jina, $siri);
```

Baada ya hapo nikathibitisha kwa baiti zenyewe, si kwa macho:

```sql
SELECT HEX(maneno) FROM ujumbe ORDER BY id DESC LIMIT 1;
```

Ukiona `F09F998F` katikati, mikono imefika. Ukiona `3F`, hiyo ni alama ya kuuliza halisi: emoji ilipotea kabla ya kuhifadhiwa, na ile "?" ndiyo iliyoandikwa mahali pake. Lakini ukiona baiti ziko sawa na skrini inaonyesha kiboksi kitupu, hifadhidata yako haina kosa, ni simu tu haina mchoro wa emoji hiyo.

Jambo la mwisho lilikuwa kuondoa ule ukimya. Tuliwasha hali ya ukali kwa kuongeza `STRICT_TRANS_TABLES` kwenye `sql_mode`. Ikiwashwa, kwa jedwali la InnoDB, neno lisiloenea hukataliwa zima kwa kosa namba 1366, badala ya kukatwa kimyakimya. Tangu MySQL 5.7 hali hii huja imewashwa, lakini kwenye 5.5 inabidi uiwashe mwenyewe. Bibi angeambiwa "haukupokelewa", angeandika upya bila emoji, na pasingekuwa na kesi.

Yaliyokwisha kupotea

Ngoja nikuambie lisilorekebishika. Kugeuza seti ya herufi kunasaidia ujumbe wa kesho. Wa jana haurudi, kwa sababu baiti zake hazikuwahi kuandikwa mahali popote kwenye jedwali. Hakuna amri ya kuzifukua.

Ila tulipata njia ya kuwajua waliokatwa. Watu wengi huweka nafasi kabla ya emoji, kwa hiyo ujumbe uliokatwa huishia na nafasi tupu, kama ule wa "Nimeshalipa ". Tukauliza:

```sql
SELECT id, maneno FROM ujumbe
WHERE maneno LIKE '% ' OR maneno = '';
```

Zile tupu kabisa ni za walioanza na emoji. Njia hii haiwapati wote, maana wapo wanaobandika emoji moja kwa moja kwenye neno, na wapo wanaoacha nafasi mwishoni bila sababu. Lakini ilitupa mistari 31 ya kuanzia. Shangazi akaichapisha, akawapitia wenyewe nyumba kwa nyumba na daftari, akimuuliza kila mmoja: uliandika nini hapa?

Wengi walikumbuka. Elfu 25 zilizokuwa zimepotea nazo zikapata maelezo: mwanachama mwengine alikuwa ameandika kwamba amelipa nusu, na nusu ya pili ya sentensi yake ilikuwa baada ya 😂. Hakuna aliyekuwa amesema uongo.

Yule bibi wa kwanza alipoelezwa kwamba kosa lilikuwa ni baiti moja, alicheka, akasema yeye ataendelea kupiga picha. Sikumbishia. Nenda kaangalie hifadhidata yako, na kama imeandikwa `utf8` bila mb4, mtumie 🙏 na neno moja baada yake, uone kama neno hilo litafika.